Jedwali langu linaonyesha Januari mbaya: je, nilipeleke benki hivyo hivyo?

*Mshauri wetu,*

*Nina duka la vyombo vya nyumbani hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Nauza sufuria, sahani, ndoo, mapazia na mablanketi, na mzigo wangu mwingi nautoa Kariakoo. Nataka kuomba mkopo wa shilingi milioni 10 ili niingie msimu wa Desemba nikiwa na mzigo wa kutosha. Afisa mikopo wa benki ninayotumia amenitaka nilete barua ya maombi pamoja na jedwali la mtiririko wa fedha la kila mwezi. Riba aliyonitajia ni asilimia 1.5 kwa mwezi, na ada ya kushughulikia mkopo ni asilimia 2.*

*Nimejaribu kuandika jedwali, lakini Desemba inatoka nzuri mno na Januari inatoka mbaya. Ndugu yangu mmoja amenishauri nigawanye mauzo sawasawa kwa miezi yote ili benki isiogope. Nimekuambatanishia kurasa za daftari langu. Naomba unisaidie: je, nilisawazishe? Na barua yenyewe niiandikeje?*

*Mama Vyombo, Moshi*

Mama Vyombo, pokea salamu zangu. Usilisawazishe. Januari yako ikae kwenye jedwali kama ilivyo, kwa kuwa ndiyo itakayomweleza afisa mikopo kwa nini unaomba fedha na lini unaweza kuzirudisha. Jedwali lenye mauzo yanayolingana kila mwezi, kutoka kwa mfanyabiashara wa Moshi anayeuza vyombo, halitamwingia akilini mtu yeyote anayeijua Kilimanjaro. Afisa huyo anafahamu kwamba mwezi wa Desemba watu wa Rombo, Marangu, Machame na Kibosho wanaofanya kazi Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani, na kwamba wakija hununua blanketi la bibi, sufuria za sherehe na mapazia ya nyumba ya kijijini. Zaidi ya hayo, atakuwa na taarifa ya akaunti yako mezani, na huenda pia akakutaka taarifa ya Lipa Namba na ripoti za mashine ya EFD. Akiona akaunti iliyopanda Desemba na kushuka Januari, kisha akaona jedwali lililonyooka kama rula, atakachokitilia shaka si Januari peke yake bali kila tarakimu uliyoandika.

Hata hivyo, nimesoma kurasa za daftari lako kwa makini, na kuna mambo matatu ya kurekebisha kabla jedwali halijaondoka dukani. Yote yanatokana na jambo moja, nalo ni kwamba umeandika hesabu ya faida mahali ambapo benki imeomba hesabu ya fedha. Mtiririko wa fedha hauulizi umeuza kiasi gani wala umepata faida gani. Unauliza ni mwezi gani shilingi imeingia mkononi, kwenye akaunti au kwenye simu, na ni mwezi gani imetoka.

Jambo la kwanza ni mauzo ya mkopo. Kwa Desemba umeandika shilingi milioni 15, lakini daftari lenyewe linaonyesha kwamba milioni 2 kati ya hizo huchukuliwa na wateja wanaolipa baadaye, wakiwamo wale wa hoteli ndogo na vikundi vya akina mama, na kwamba kwa kawaida hulipa baada ya miezi miwili. Kwa hiyo Desemba andika milioni 13 kwenye mstari wa mauzo ya taslimu, na zile milioni 2 zisubiri mwezi wa Februari kwenye mstari wa madeni yaliyokusanywa. Huko Februari usiandike milioni 2 kamili. Kurasa zako za nyuma zinaonyesha kwamba katika kila shilingi laki moja ya mkopo, elfu kumi hivi huchelewa sana au hupotea kabisa, hivyo andika milioni 1.8. Afisa mikopo akiona umejikata mwenyewe asilimia 10, ataelewa kwamba unawajua wadaiwa wako.

Jambo la pili ni pango. Umeandika laki 3 kila mwezi, ilhali mwenye fremu anachukua kodi ya miezi sita kwa pamoja, Januari na Julai. Katika hesabu ya faida ungekuwa sahihi kuigawa, kwa sababu kila mwezi hubeba sehemu yake ya gharama. Katika mtiririko wa fedha ni lazima shilingi milioni 1.8 zionekane zikitoka Januari kwa mkupuo, kwa kuwa ndivyo zinavyotoka. Vivyo hivyo kodi ya mapato ya TRA: wewe unalipa kwa awamu nne za mwaka, mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo laki 5 zako za kila awamu zikae kwenye miezi hiyo tu.

Jambo la tatu ni fedha za nyumbani, ambazo umeziacha kabisa. Najua wengi huona haya kuziandika kwenye karatasi ya benki, lakini zinatoka kwenye droo ileile. Umeniandikia pembeni kwamba unachukua kama laki 4 kwa mwezi, na kwamba Januari unaongeza shilingi milioni moja kwa ajili ya ada na mahitaji ya shule ya watoto. Ziandike. Afisa mikopo naye ana watoto wanaofungua shule Januari, na mstari wa matumizi ya nyumbani usipokuwepo atajiuliza familia yako inaishi kwa nini, kisha ataweka makadirio yake mwenyewe, na huenda yakawa makubwa kuliko yako.

Baada ya marekebisho hayo, andika jedwali lako mara mbili. Mara ya kwanza liandike bila mkopo wowote. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayokuambia uombe kiasi gani. Nimeifanya kwa tarakimu za daftari lako, nikianza na salio la shilingi milioni 1.5 unalotarajia kuwa nalo tarehe 1 Oktoba, yaani fedha za droo, za akaunti na za simu zikijumlishwa. Mzigo uliopo rafuni haumo, kwa kuwa sufuria si fedha mpaka iuzwe. Oktoba unaingiza milioni 5.9, lakini kwa kuwa unataka kutoa mzigo wa Novemba pamoja na sehemu ya mzigo wa Desemba, unatoa milioni 10.25, na salio linashuka hadi milioni 2.85 chini ya sifuri. Novemba unatumia kidogo zaidi ya unachoingiza, na upungufu unafika milioni 3.1. Desemba inazibeba zote mbili na kukuacha na milioni 6.1 juu ya sifuri. Januari inakula milioni 2.9 kwa sababu ya pango na ada. Kuanzia Februari unapanda taratibu, na Machi unaishia na milioni 4.6.

Tazama sasa hiyo milioni 3.1 ya Novemba, kwa kuwa hapo ndipo shimo lako lilipo na ndipo lilipo refu kuliko pote. Mkopo unaouhitaji ni wa kulifukia shimo hilo, ukiongezea ada ya benki, riba ya mwezi wa kwanza na akiba kidogo ya dharura. Ada ya asilimia 2 na riba ya Novemba, kwa mkopo wa milioni 5, ni jumla ya shilingi 175,000. Hivyo milioni 5 inalifunika shimo na kukuachia shilingi 1,725,000 mwisho wa Novemba, fedha inayotosha kuendesha duka na nyumba kwa mwezi mmoja na nusu iwapo lori litachelewa au mteja wa mkopo atakusumbua. Milioni 10 uliyokusudia kuiomba ni mara mbili ya hapo.

Nakusihi uliangalie hili kwa utulivu, kwa sababu najua milioni 10 inavutia. Ukiichukua kwa miezi 12 yenye marejesho yanayolingana, kwa riba hiyo ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye deni lililobaki, utalipa takriban shilingi 917,000 kila mwezi. Sasa linganisha na jedwali lako: Februari duka linabakiza milioni 1 baada ya gharama zote, na Machi linabakiza laki 4. Kisha inakuja Aprili na Mei, mvua za masika zimeshika, watu wa vijijini hawashuki mjini kwa ununuzi mkubwa, na wewe bado unadaiwa 917,000. Mkopo wa namna hiyo utaulipa kwa kupunguza mzigo rafuni, na duka lenye rafu nusu halimvuti mteja. Ndiyo maana nasema kwamba ombi dogo lililotokana na jedwali lina nguvu kuliko ombi kubwa lililotokana na hamu.

Mara ya pili liandike jedwali ukiwa umeingiza mkopo wa milioni 5 na ratiba ya marejesho. Hapa nakushauri uombe ratiba inayofuata msimu: Novemba ulipe riba tu, Desemba ulipe nusu ya mkopo pamoja na riba, Januari urudi kwenye riba tu kwa kuwa ndiyo mwezi wa pango na ada, kisha Februari na Machi umalize nusu iliyobaki kwa mafungu mawili yanayolingana. Jedwali linatoka hivi, tarakimu zote zikiwa katika maelfu ya shilingi:

| | Okt | Nov | Des | Jan | Feb | Mac |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Salio la mwanzo wa mwezi | 1,500 | 2,050 | 1,725 | 8,350 | 5,412 | 5,124 |
| Mauzo ya taslimu | 5,000 | 7,000 | 13,000 | 3,500 | 4,000 | 4,500 |
| Madeni yaliyokusanywa | 900 | 900 | 900 | 900 | 1,800 | 900 |
| Mkopo baada ya ada | 4,900 | – | – | – | – | – |
| Jumla ya fedha zinazoingia | 10,800 | 7,900 | 13,900 | 4,400 | 5,800 | 5,400 |
| Ununuzi wa bidhaa | 9,000 | 7,000 | 3,200 | 3,500 | 3,800 | 3,500 |
| Mshahara, umeme, usafiri wa mizigo | 850 | 750 | 600 | 600 | 600 | 600 |
| Pango la miezi sita | – | – | – | 1,800 | – | – |
| Kodi ya mapato (TRA) | – | – | 500 | – | – | 500 |
| Matumizi ya nyumbani na ada | 400 | 400 | 400 | 1,400 | 400 | 400 |
| Marejesho na riba | – | 75 | 2,575 | 38 | 1,288 | 1,269 |
| Jumla ya fedha zinazotoka | 10,250 | 8,225 | 7,275 | 7,338 | 6,088 | 6,269 |
| Salio la mwisho wa mwezi | 2,050 | 1,725 | 8,350 | 5,412 | 5,124 | 4,255 |

Nimekuonyesha miezi sita kwa kuwa ndimo mkopo unamoishi. Benki ikitaka miezi 12, endelea na Aprili hadi Septemba kwa mistari hiyohiyo, ukikumbuka kwamba zile milioni 4.255 za mwisho wa Machi ndizo zitakazokuvusha masika, awamu ya kodi ya Juni na pango la Julai. Kagua kila safu kwa njia moja rahisi: salio la mwanzo, jumlisha fedha zinazoingia, toa zinazotoka, upate salio la mwisho, na salio hilo ndilo lianze mwezi unaofuata. Safu moja ikikataa kufunga, afisa ataiona kabla hajasoma barua. Juu ya jedwali andika kwamba tarakimu ni katika maelfu ya shilingi, maana nimeona maombi yakirudishwa kwa sababu msomaji hakujua kama 3,500 ni shilingi elfu tatu na mia tano au milioni tatu na nusu.

Kuna jambo ambalo jedwali la mwezi haliwezi kulionyesha, nalo ni tarehe. Mwisho wa Desemba una milioni 8.35 na rejesho la milioni 2.575 linaonekana jepesi. Lakini benki ikikupangia siku ya kulipa iwe tarehe 5 ya kila mwezi, tarehe 5 Desemba utakuwa bado na ile milioni 1.725 ya Novemba pamoja na mauzo ya siku chache tu, wakati wageni wengi hawajapanda hata basi la kuja Moshi. Utachelewa kulipa rejesho lako kubwa kuliko yote, si kwa sababu biashara ni mbaya bali kwa sababu tarehe ni mbaya, na ucheleweshaji huo utaandikwa kwenye kumbukumbu zako za mikopo. Kwa hiyo omba kwenye barua kwamba siku ya marejesho iwe tarehe 28. Ni sentensi moja tu, lakini usiisahau.

Afisa mikopo makini atakuuliza pia: Desemba ikikuangusha, itakuwaje? Jibu uwe nalo tayari. Nimepunguza mauzo ya taslimu ya Desemba kwa asilimia 30, yaani kutoka milioni 13 hadi milioni 9.1, nikaacha kila kitu kingine kama kilivyo. Salio la Desemba linakuwa milioni 4.45, Januari milioni 1.512, Februari milioni 1.224, na Machi shilingi 355,000. Mkopo unalipwa wote na hakuna mwezi unaoshuka chini ya sifuri, ingawa Machi unabaki na fedha kidogo sana. Katika hali hiyo utakuwa na mzigo wa Desemba ambao haujauzwa, hivyo utapunguza ununuzi wa Januari na Februari, na salio litapumua. Iandike hesabu hiyo kwa mistari miwili chini ya jedwali. Kwa mkopo wa milioni 10 wa miezi 12 usingeweza kuandika kwamba deni limekwisha ifikapo Machi, na hilo nalo ni kipimo.

Sasa barua. Iwe ukurasa mmoja, isimulie jedwali badala ya kulirudia, na kila kiasi kinachotajwa humo kiwe kinaonekana pia kwenye jedwali. Nakuandikia mfano, nawe ujaze majina na anwani:

> Duka la Vyombo vya Nyumbani,
> S.L.P. ………, Moshi.
> Tarehe ………
>
> Meneja wa Tawi,
> Benki ya ………,
> S.L.P. ………, Moshi.
>
> Ndugu Meneja,
>
> YAH: OMBI LA MKOPO WA SHILINGI 5,000,000 KWA AJILI YA BIDHAA ZA MSIMU WA DESEMBA
>
> Tafadhali rejea kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mmiliki wa duka la vyombo vya nyumbani lililopo karibu na soko la Mbuyuni, na ni mteja wa tawi lako kwa akaunti namba ………. Naomba mkopo wa shilingi milioni tano kwa kipindi cha miezi sita, kuanzia mapema mwezi Oktoba.
>
> Fedha hizo nitazitumia kununua bidhaa za msimu wa Desemba, hasa sufuria, mablanketi na mapazia. Katika duka langu, mauzo ya Desemba ni makubwa kuliko ya mwezi mwingine wowote, lakini bidhaa zake hulazimika kulipiwa Oktoba na Novemba. Kama jedwali la kwanza lililoambatanishwa linavyoonyesha, bila mkopo nitakuwa na upungufu wa shilingi 3,100,000 kufikia mwisho wa Novemba. Kiasi kinachozidi hapo ni kwa ajili ya ada ya mkopo, riba ya mwezi wa kwanza na akiba ya dharura.
>
> Naomba marejesho yafuate mapato ya duka: riba tu mwezi Novemba, shilingi 2,500,000 pamoja na riba mwezi Desemba, riba tu mwezi Januari, ambapo hulipa pango la miezi sita na ada za shule, na shilingi 1,250,000 pamoja na riba kwa kila mwezi wa Februari na Machi. Naomba pia siku ya marejesho iwe tarehe 28 ya mwezi. Kwa ratiba hiyo, salio langu halishuki chini ya shilingi 1,700,000 katika mwezi wowote wa mkopo, na hata mauzo ya taslimu ya Desemba yakipungua kwa asilimia 30 mkopo utalipwa wote ifikapo mwisho wa Machi.
>
> Tarakimu za mauzo zimetokana na daftari la duka, taarifa ya akaunti, taarifa ya Lipa Namba na ripoti za mashine ya EFD za msimu uliopita, ambazo nakala zake nimeziambatanisha. Mauzo ya mkopo yameandikwa katika mwezi ambao fedha inatarajiwa kupokelewa, baada ya kupunguza asilimia 10 kwa ajili ya madeni yanayoweza kutolipwa.
>
> Nipo tayari kutoa maelezo zaidi na kukaribisha ukaguzi dukani siku yoyote ya kazi.
>
> Wako katika ujenzi wa taifa,
>
> (Sahihi, jina na namba ya simu)
>
> Viambatanisho: majedwali mawili ya mtiririko wa fedha, la kwanza bila mkopo na la pili lenye mkopo, taarifa za akaunti na za Lipa Namba, ripoti za EFD, leseni ya biashara, cheti cha TIN, mkataba wa pango.

Kabla ya kuipeleka, chukua mwezi mmoja wa msimu uliopita, tuseme Novemba, na ufanye ulinganisho ambao afisa ataufanya. Jumlisha fedha zilizoingia kwenye akaunti, zilizoingia kupitia Lipa Namba, na zile za mkononi ambazo hukuzipeleka benki bali ulimlipa nazo dereva wa lori au msambazaji. Jumla hiyo inapaswa kukaribiana na mauzo ya taslimu ya mwezi huo pamoja na madeni uliyokusanya. Angalia usihesabu mara mbili fedha uliyoitoa kwenye Lipa Namba ukaiweka benki, kwa kuwa kosa hilo huongeza mauzo bila mtu kukusudia. Kisha linganisha mauzo yako na ripoti za EFD za mwezi huo. Mashine inarekodi mauzo siku ya kutoa risiti, hata kama mteja atalipa baadaye, kwa hiyo itakuwa tofauti kidogo na fedha uliyopokea. Tofauti hiyo ieleweke kuwa ni mauzo ya mkopo, na uwe na ukurasa wa daftari unaoonyesha nani anadaiwa nini. Tofauti isiyo na maelezo inaweza kuuzuia mkopo wako.

Afisa akija dukani, mara nyingi hatauliza kuhusu faida. Atatazama rafu, atamuuliza kijana wako wa mauzo ni bidhaa gani zinatoka zaidi, na atachukua bidhaa moja, sema seti ya sufuria, aulize umeinunua kwa bei gani na unaiuza kwa bei gani. Daftari lako linaonyesha kwamba katika kila shilingi 100 ya mauzo, 70 ni gharama ya kununua bidhaa, na jedwali limejengwa juu ya uwiano huo. Basi tunza risiti za Kariakoo mahali unapoweza kuzifikia, ili bei ya seti hiyo ithibitike palepale.

Huenda benki ikakujibu kwamba utaratibu wao hauruhusu ratiba ya msimu na kwamba ni lazima marejesho yalingane. Usikate tamaa, ila usikubali haraka miezi 12. Omba miezi sita ya marejesho yanayolingana, ambayo yatakuwa takriban shilingi 878,000 kwa mwezi kuanzia Novemba hadi Aprili. Nimeipima kwenye jedwali lako: Novemba unabaki na takriban shilingi 922,000, ambazo ni chache lakini zinatosha, na kuanzia Desemba hadi Machi hakuna mwezi unaoishia chini ya milioni 5. Kwa kuwa Novemba inabana, katika hali hiyo ahirisha mzigo wa takriban nusu milioni hadi wiki ya kwanza ya Desemba, na ubadilishe jedwali kabla ya kusaini ili lifanane na mlichokubaliana.

Kwenye riba, uliza swali moja na upate jibu kwa maandishi: je, asilimia 1.5 inahesabiwa kwenye deni lililobaki au kwenye mkopo wa awali mpaka mwisho? Kwa ratiba niliyokupangia, riba ya deni linalopungua ni takriban shilingi 244,000 kwa kipindi chote. Ikihesabiwa kwenye milioni 5 ileile kila mwezi, hata baada ya kurudisha nusu yake Desemba, itakuwa shilingi 375,000. Asilimia inayotajwa ni ileile, lakini mstari wa marejesho kwenye jedwali lako unabadilika, na kama ni hiyo ya pili ni lazima uuandike upya.

Peleka barua wiki ya kwanza ya Septemba, maana benki huhitaji muda wa kukagua, kutembelea duka na kupitisha ombi, nawe unahitaji fedha mapema Oktoba. Fedha ikifika katikati ya Novemba haitakusaidia kama ulivyopanga, na ikitokea hivyo ni bora upunguze kiasi kuliko kukimbilia Kariakoo na milioni 5 wakati wenzako wameshachagua mzigo mzuri. Baki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Nakala ya jedwali iweke dukani, uongeze safu tupu pembeni ya kila mwezi, na kila jioni ya siku ya mwisho ya mwezi uandike humo fedha halisi iliyoingia na kutoka. Novemba ikienda tofauti na ulivyokadiria, mpigie afisa mikopo kabla ya tarehe 28 Desemba, ukiwa na tarakimu hizo mkononi.